Yadi ilisema kilomita 78,000, faili lao likasema 146,300

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi. Mteja akinipigia, sianzi na injini. Naanza na muuzaji, kwa sababu injini inatengenezeka. Mtu aliyekuficha jambo siku ya kuuza atakuficha na mengine ukishalipa.

Mwezi uliopita nilikwenda na mwalimu mmoja kwenye yadi kuangalia Toyota IST ya mwaka 2005, iliyoshuka kutoka Japani na bado haijasajiliwa. Rangi inang'aa, viti vimeoshwa. Kijana wa mauzo akatupokea vizuri: "Fundi, hii ni chuma. Kilomita elfu sabini na nane tu, angalia mwenyewe dashibodi."

Dashibodi kweli ilisoma 78,000 na ushee. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika upande wa kulia hadi michirizi imefutika, na ubavu wa kiti cha dereva ulikuwa umelegea. Hizo ni dalili tu, maana pedali hubadilishwa na kiti huchakaa kwa uzito wa mtu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva nikakuta kibandiko kidogo cha kubadilisha oili, maandishi ya Kijapani, kimefutwafutwa na sabuni. Namba ilisomeka bado: 131,000. Basi nikaomba faili.

Karatasi niitakayo ni cheti cha kuuza gari nje ya Japani. Kila gari lililosajiliwa kule huandikiwa kabla ya kuondoka, na chini, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, kuna namba inayoishia na km, pamoja na tarehe. Ni kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa mara ya mwisho na serikali yao. Mwaka huandikwa kwa kalenda yao: ukiona Reiwa 5, jumlisha 2018, unapata 2023. Cheti cha IST ile kilisema 146,300, Februari mwaka huo. Gari haliwezi kuwa na kilomita pungufu ya zile lilizokuwa nazo kwenye ukaguzi.

Nani alizichezea, huko lilikotoka au hapa mjini, sina ushahidi wa kumnyooshea mtu kidole. Ila cheti kilikuwa kwenye kabati la yadi yenyewe, na tafsiri yake ya Kiingereza imebanwa nyuma. Aliyetaja 78,000 alikuwa na 146,300 ndani ya faili lake. Kwa hali ya gari, yadi hiyo naihesabu kuwa si ya kweli. Meneja alipoitwa hakubisha. Alishusha bei kutoka milioni 13.5 hadi milioni 11.8, na mwalimu akakubali kwa sababu bodi na injini vilikuwa vizima na sasa alijua anachonunua.

Kwenye makaratasi walikuwa wanyoofu. Namba ya chesisi kwenye gari, kwenye cheti na kwenye nyaraka za ushuru ilikuwa moja, herufi kwa herufi. Tuliacha shilingi milioni moja mkononi mwa mwalimu hadi kadi itoke TRA kwa jina lake na TIN yake, na mkataba ukasema hivyo. Kadi ilitoka siku ya tisa. Yadi inayokataa mpango wa namna hiyo huwa naiuliza sababu, na jibu lake hunitosha. (Gari ambalo tayari lina namba za Tanzania lina kazi nyingine: kuhakikisha jina kwenye kadi ni la anayeuza, na halidaiwi faini za barabarani.)

Palipobaki ni ahadi. Meneja alisema, "Mwalimu, ukipata shida yoyote tupo." Nikamwomba aiandike. Kalamu ikasita, "shida yoyote" ikawa "injini". Tukavutana kama nusu saa, mwisho mkataba ukasomeka: injini na giaboksi, siku 30, vifaa na ufundi juu ya muuzaji, gereji wakubaliane wote wawili. Hilo la ufundi wengi hulisahau, kisha huletewa kifaa cha bure na bili ya fundi juu yake.

Siku ya 19 giaboksi ikaanza kupiga kishindo kila mwalimu alipoweka D. Kijana wa mauzo akamjibu kwenye simu kwamba dhamana ni ya injini peke yake. Mwalimu akaupiga picha ukurasa wa mkataba akamtumia meneja. Gari likachukuliwa kesho yake, likakaa gereji siku nane, likarudi likiingia gia bila kishindo, naye hakulipa hata senti.

Wateja wanaoniuliza kuhusu yadi hiyo nawaambia wanaweza kwenda, ila waombe faili kabla ya kuwasha gari, na wasitoe pesa kwa neno lililosemwa tu kwa mdomo.