Foleni inatoa kwa zamu, haimalizi kwa zamu

Mteja wa mfumo wa vikoba ninaouhudumia aliweka 20,000, na sekunde moja baadaye akaomba kutoa 15,000. Akajibiwa kuwa salio halitoshi. Alipofungua akaunti akakuta 22,000 zimekaa. Alipiga simu amekasirika, na kwa haki.

Maombi yote mawili yalipita kwenye foleni moja ya RabbitMQ, programu inayopanga ujumbe na kuukabidhi kwa wapokeaji, yaani programu zinazoufanyia kazi. La kuweka lilikuwa mbele. Kumbukumbu za seva zilionyesha hivi: saa 10:14:02 mpokeaji wa kwanza anachukua ombi la kuweka, anakwama akisubiri hifadhidata. Saa 10:14:03 mpokeaji wa pili anachukua la kutoa, anaona salio la zamani la 2,000, anakataa. Saa 10:14:06 wa kwanza anafanikiwa kuweka pesa. Foleni ilitimiza ahadi yake, kwa sababu ahadi yenyewe ni kukabidhi ujumbe kwa mpangilio ulioingia. Ni kama mashineni penye vinu viwili: uliyefika kwanza na mahindi mabichi unaweza kumwona wa nyuma yako anaondoka na unga wake.

Hilo wengi hulikisia. Linalowashangaza watu ni ujumbe ambao mpokeaji ameshakabidhiwa lakini hajathibitisha kuwa ameumaliza, ule unaohesabiwa chini ya `Unacked` kwenye paneli. RabbitMQ haimpi mpokeaji ujumbe mmoja mmoja. Humrundikia hadi kufikia `prefetch_count`, idadi ya juu ya ujumbe anaoruhusiwa kushika bila kuuthibitisha, na usipoiweka hakuna kikomo. Sisi tuliweka 10.

Chukua foleni yenye ujumbe 20. Mpokeaji A ameunganishwa mapema kidogo, anabeba namba 1 hadi 10. B anabeba 11 hadi 20. A anathibitisha tatu za kwanza, kisha anaanguka. Namba 4 hadi 10 zinarudi kwenye foleni, tena mbele, mahali pake pa awali. Hadi hapo mambo yanaonekana sawa. Lakini B wakati huo amemaliza 11 hadi 14 na bado ameshika 15 hadi 20 mkononi. Ana nafasi nne, kwa hiyo anapewa 4, 5, 6 na 7, nazo zinakaa nyuma ya 20 kwenye kumbukumbu yake. Namba 4 itafanyiwa kazi baada ya namba 20. Utaitambua kwa alama ya `redelivered` kuwa kweli. Alama hiyo haikuambii kama A alishaikamilisha akafa kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo huenda pesa ikawekwa mara mbili.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa ni kuwa na mpokeaji mmoja tu. Inafanya kazi, ila kazi inakuwa ya kobe. Tulichofanya ni kugawa: ujumbe unapitia kigawaji cha `x-consistent-hash` ukiwa na namba ya akaunti kama ufunguo, unaishia kwenye mojawapo ya foleni nane, na kila foleni imetangazwa na `x-single-active-consumer`, yaani mpokeaji mmoja tu ndiye anayepewa ujumbe, wengine wanakaa akiba. Akaunti moja huangukia foleni ileile siku zote, maadamu hatuongezi wala kupunguza foleni. Mpokeaji akianguka, mwenzake wa akiba anaanza na mikono mitupu, hivyo kazi inaendelea kutoka 4.

Bado kuna ufa mmoja. Mtandao ukikatika, RabbitMQ inaweza kumhesabu A kuwa amekufa ilhali anaendelea na namba 4, huku mrithi wake ameshaipokea ileile. Foleni haiwezi kuziba hapo. Hifadhidata ndiyo inayoweza. Mtumaji anampa kila ombi namba ya mfuatano ya akaunti husika, nasi tunaandika hivi:

```sql
UPDATE akaunti
SET salio = salio + :kiasi, mfuatano = :n
WHERE id = :id AND mfuatano = :n - 1;
```

Isipogusa safu yoyote, tunasoma `mfuatano` uliopo. Ukiwa sawa na `n` au zaidi, huo ni marudio: tunathibitisha na kuutupa. Ukiwa chini ya hapo, ujumbe umefika kabla ya zamu yake, tunauhifadhi kwenye jedwali la kusubiri hadi mwenzake aje. Ombi lililokataliwa nalo husogeza mfuatano bila kugusa salio, la sivyo akaunti ingeganda.

Kosa nililolifanya mwenyewe, baada ya kazi yote hiyo, lilikuwa kuiacha foleni ya kujaribu tena iendelee kutumika. Ujumbe ukishindwa ulikwenda kukaa sekunde 30 pembeni, kisha ukarudi mkiani. Hata kwa mpokeaji mmoja, hapo mpangilio umevunjika, na siku hifadhidata iliposuasua jedwali la kusubiri lilifurika. Sasa ujumbe ukishindwa tunaurudia palepale mara tatu. Ukigoma, tunaisimamisha akaunti hiyo peke yake, maombi yake yanayofuata yanaingia jedwalini, na mtu wa zamu anaitwa kuangalia.