Aina ya usalama wa waifai: kwa nini neno la siri sahihi hukataliwa

Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha karatasi mjini Arua alinunua ruta mpya. Mpwa wake akaipa jina lilelile na neno la siri lilelile la ruta ya zamani, ili asisumbuke kubadilisha simu za nyumbani. Simu ziliingia bila shida. Laptopu ya dukani, ya mitumba, ikagoma.

"Mwanangu, neno la siri ni lilelile, nimeliandika ukutani," aliniambia.

Alikuwa sahihi. Kifaa kinapohifadhi mtandao, hakihifadhi jina na neno la siri tu. Huhifadhi pia aina ya usalama, yaani utaratibu ambao kifaa na ruta hutumia kuthibitisha neno hilo bila kulitamka hewani. WPA2 ni utaratibu wa 2004, na WPA3 ni wa 2018. Laptopu ilikumbuka WPA2, lakini ruta mpya ilikuwa imewekwa WPA3 pekee. Neno ni moja, ila kila upande unahakikisha kwa njia yake. Kompyuta huweza kulaumu neno la siri hata pale lisipokuwa na kosa.

Kwanza tuliufuta mtandao uliohifadhiwa, tukaunganisha upya. Mara nyingi hilo hutosha. Hapa halikutosha, kwa hiyo nikafungua dirisha la amri la Windows:

```
netsh wlan show drivers
```

Kwenye orodha ya aina za usalama palikuwa na `WPA2-Personal`, lakini `WPA3-Personal` haikuwepo. Draiva mpya wakati mwingine huiongeza. Kwa kadi ya waifai ya laptopu ile ya zamani haikupatikana. Basi tuliingia kwenye ukurasa wa ruta, tukachagua `WPA2/WPA3` badala ya WPA3 pekee. Laptopu ikaingia papo hapo.

Furaha ikakatishwa na swali: mbona jina la pili la mtandao wa ruta, lenye `5G` mwishoni, lipo kwenye simu na laptopuni halipo? (Hiyo si 5G ya kampuni za simu, ni masafa ya gigahezi 5.) Jibu lilikuwa palepale kwenye matokeo ya amri, kwenye mstari huu:

```
Radio types supported : 802.11b 802.11g 802.11n
```

Kadi inayofika gigahezi 5 kwa kawaida huonyesha pia `802.11a` au `802.11ac`. Hii ilikuwa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo jina lile haliwezi kuonekana hata ukikaa juu ya ruta. Usihangaike na neno la siri wala kuwasha na kuzima. Dawa ni adapta ya USB yenye masafa yote mawili.

Aliuliza bei. Nikamuuliza laptopu hukaa wapi: chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali kutoka kwenye ruta. Gigahezi 5 hufifia haraka zikipita ukutani, na 2.4 huvumilia zaidi. Hakununua.