Cheti cha useremala hakipunguzi kifungo

"Ndugu yangu amefungwa miaka 3 katika gereza la Kamiti, Kenya. Akisomea useremala, si anapunguziwa?"

Hapana. Anayehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja huandikiwa punguzo la theluthi moja siku anapopokelewa gerezani, kabla hajagusa randa. Kwa miezi 36, punguzo ni 12, kwa hiyo anatazamia kutoka baada ya 24. Punguzo hilo analilinda kwa bidii ya kazi na nidhamu. Akiadhibiwa kwa kosa la gerezani, anaweza kupokonywa baadhi ya siku, hata awe fundi hodari vipi. Wa kifungo cha maisha hana theluthi.

Karakana ni jambo jingine. Huko hupangwa baada ya kuainishwa: umri, kama ni kosa la kwanza, na urefu wa kifungo. Wa miezi 6 hubaki na 4 tu, muda mfupi mno kuiva kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanzia Gredi ya 3. Mahabusu wa gereza la Industrial Area, Nairobi, ambaye kesi yake haijaamuliwa, haguswi na hesabu hii kabisa.

Basi muulize ndugu yako tarehe yake ya kutoka, kisha asajiliwe mtihani mapema kabla ya hapo.