Usaili wa programu bila shahada: mradi mmoja na mipaka yake

Nilijifunza kuandika programu bila kupita chuoni, na sasa nami huwasaili wengine. Kwa asiye na shahada, naamini mradi mmoja uliochimbwa mpaka chini unamtetea kuliko kumi iliyofuatishwa kutoka video za mafunzo. Mradi wa kufuatisha hujulikana haraka: ukimuuliza mwenyewe kwa nini alishika njia hii, hana njia nyingine aliyowahi kuifikiria.

Chukua programu ya kukodi vyumba vya mikutano kwa saa. Toleo la kwanza huuliza hifadhidata kama chumba ki wazi, kisha huandika jina la mteja. Wateja wakija mmoja mmoja, hakuna tatizo. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote huambiwa chumba ki wazi kabla yeyote hajaandikwa, na wote hupewa. Aliyepambana na kasoro hii ataweza kuionyesha tena mbele yako kwa kufungua vikao viwili vya hifadhidata, kisha aeleze kwa nini alihamishia ulinzi kwenye jedwali lenyewe:

```sql
ALTER TABLE nafasi
ADD CONSTRAINT nafasi_moja
UNIQUE (chumba_id, siku, saa);
```

Sasa ombi la pili hukataliwa na hifadhidata, na programu humwomba mteja achague saa nyingine.

Hapo ndipo ninapouliza: je, mtu akitaka chumba kuanzia 3:00 hadi 4:30, huku mwenzake ameshakichukua kuanzia 4:00? Wengi hujibu kwamba wanajua kidogo, jibu lisilonisaidia hata chembe. Msailiwa mmoja alijibu hivi: "Sharti langu halitamzuia, kwa sababu linalinganisha thamani zilizo sawa kabisa, si vipindi vinavyoingiliana. Hilo sijawahi kulitatua. Ningeanza kwa kufunga safu mlalo ya chumba kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, nikague vipindi vilivyopo, ndipo niandike, yote ndani ya muamala mmoja. Kufuli hilo linafanyaje kazi ndani ya hifadhidata, sijui, nimelitumia tu."

Jibu hilo lilinishawishi. Alitaja mahali hasa suluhisho lake linapokomea, na sababu yake. Akatenganisha asichowahi kukifanya na anachokitumia bila kukijua kwa ndani. Tena alikuwa na pa kuanzia, na njia hiyo ni sahihi mradi kila ombi la chumba hicho lipitie kufuli hilohilo. Ombi moja likilikwepa, tatizo linarudi; nilipomwongezea hilo, alilishika na kuuliza maswali yake.

Njia hii ina kikomo. Waajiri wanaochuja maombi kwa shahada hawatafika kwenye mradi wako. Kwa wanaofika, andika mipaka hiyo mapema kwenye `README`: programu inashughulikia nini, inashindwa wapi, na ulilijaribuje hilo. Mimi husoma sehemu hiyo kabla ya msimbo, na maswali yangu huanzia hapo.