Muulize wazi, kisha andikeni pamoja

Binti wa miaka 15 aliletwa kwangu kliniki na mama yake kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyoisha. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Vipimo vilikuwa havioneshi kitu. Usiku halali, shuleni alama zimeporomoka, mlango wa chumba chake hushinda umefungwa. Mama alieleza yote hayo huku binti akitazama kamba za viatu vyake. Nikamwomba mama atupishe kidogo: "Mama, kila kijana anayekuja hapa huwa nazungumza naye peke yake kwanza, halafu tunakaa wote watatu."

Tulipobaki wawili nilianza na suala la siri, kabla ya swali lolote. Nilimwambia: "Utakayonieleza yanabaki hapa, isipokuwa nikiona uhai wako uko hatarini. Hapo itabidi watu wazima wahusishwe ili wakulinde, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitawaambia nini." Ukisubiri afunguke ndipo umweleze mpaka huo, ataona umemtega, na ana haki ya kuona hivyo.

Kisha nikamuuliza: "Vijana wengine wakipitia kipindi kama hiki huwaza kufa, au huwaza kujiua. Wewe je, umewaza kujiua?"

Alinyamaza. Nami nikanyamaza. Ukimya huo ndio unaowashinda wengi wetu. Tunaharakisha kuujaza na "au basi, labda ni uchovu tu," na kijana anaupokea mlango tuliomfungulia wa kutokea. Mimi huhesabu moyoni polepole hadi 10. Nilipofika kama 7 akasema, "Karibu kila usiku."

Wazazi na walimu, hata wahudumu wa afya wenzangu, huniuliza: je, si nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo? Hofu hiyo naiheshimu kwa sababu inatokana na upendo, lakini imepimwa na haikusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwahusisha wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 katika jimbo la New York. Baadhi yao waliulizwa kuhusu kujiua na wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua wala dhiki zaidi ya wenzao, na wale waliokuwa na msongo tangu mwanzo walionekana kupata nafuu kidogo. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2019 uliolinganisha majibu ya vijana na ya wazazi wao ulionesha kwamba kati ya vijana waliosema wamewaza kujiua, karibu nusu wazazi wao hawakuwa na habari. Kwa hiyo kumuuliza mzazi peke yake hakutoshi, na kungoja kijana aseme mwenyewe ni kumwachia mzigo wote.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali la "Huwazi mambo ya kujiua, sivyo?" limeshabeba jibu ndani yake, kijana atakupa hilo jibu ili akutulize. "Umewahi kufikiria kufanya jambo baya?" halieleweki, kwa kuwa jambo baya laweza kuwa wizi. Na "kujidhuru" si sawa na "kujiua". Wapo wanaojikata ngozi ili kutuliza maumivu ya moyo bila kutaka kufa, na wapo wanaotaka kufa ambao hawajawahi kujigusa. Yaulize yote mawili, kila moja kwa jina lake. Mimi hulitamka neno kujiua kwa sauti ileile ninayoulizia usingizi au chakula, nikiwa nimeweka kalamu chini.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliandaa maswali mafupi ambayo hata mhudumu asiye bingwa anaweza kuyatumia. Yanauliza kama katika wiki chache zilizopita kijana ametamani awe amekufa. Kama amehisi yeye au familia yake ingekuwa heri kama angekufa. Kama katika wiki iliyopita amewaza kujiua. Na kama amewahi kujaribu. Akikubali hata moja, anaulizwa la tano: unawaza kujiua sasa hivi? Jambo ninalolipenda katika maswali hayo ni kwamba anayekataa kujibu huhesabiwa kama aliyesema ndiyo, yaani naye anahitaji kuchunguzwa zaidi.

Kwa binti huyu niliendelea taratibu. Mawazo yalianza lini? Yakija yanakaa muda gani? Amefikiria namna? Ana nia ya kuitekeleza? Kuna siku aliyoipanga? Amewahi kujaribu? Nini kimemzuia hadi leo? Alisema yalianza miezi miwili iliyopita, baada ya picha yake kusambazwa na rafiki aliyemwamini. Aliwahi kufikiria dawa zilizokuwa nyumbani, ila hakuwa ameamua, hakupanga siku, na hajawahi kujaribu. Kilichomzuia ni mdogo wake, ambaye hulala naye chumba kimoja.

Majibu hayo ndiyo yaliyoniruhusu kufikiria kumrudisha nyumbani. Kama angesema ana nia, ana namna na ana siku, au angeniambia hawezi kujizuia usiku ule, mpango wa kuandika kwenye karatasi usingetosha. Kijana wa hivyo haachwi peke yake hata dakika moja, hata kwenda msalani, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. (Na kama wewe unayesoma ndiye uliye katika hali hiyo, mwambie leo mtu mzima mmoja kwa maneno hayohayo, "nawaza kujiua," au nenda hospitali iliyo karibu, idara ya dharura.)

Nikamuuliza kama yuko tayari tuandike mpango wa usalama. Mpango huu, kama ulivyotengenezwa na wanasaikolojia wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown, una hatua sita: dalili zangu za hatari, mambo ninayoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunitoa kwenye mawazo, watu ninaoweza kuwaomba msaada, wataalamu na huduma za dharura, na kuyafanya mazingira yawe salama. Unatumika kwa mpangilio huo, ukiruka hatua pale hali inapobana. Unategemea jambo moja linalojulikana: wimbi la kutaka kujiua hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na mara nyingi kilele hakidumu. Ukimvusha kijana katika muda huo, umemvusha.

Si kiapo. Zamani tuliwasainisha wagonjwa kwamba hawatajiua; hakuna ushahidi kwamba ilisaidia, na iliwafundisha wengine kutuficha. Mpango haumwambii asifanye nini, unamwambia afanye nini.

Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kuuharibu. Nilimwandikia kijana mmoja mpango mzuri kwa mwandiko wangu: "kufanya mazoezi ya kupumua, kujishughulisha, kuwasiliana na mtu anayeaminika." Aliporudi karatasi ilikuwa bado imekunjwa vilevile ndani ya mkoba. Alikuwa amevuka usiku mmoja mbaya sana bila kuifungua. Yale yalikuwa maneno yangu, hayakuwa yake. Tangu hapo kalamu inashikwa na kijana.

Binti aliandika kwenye hatua ya kwanza, "huzuni." Nikamuuliza, "Usiku wa jana, kabla mawazo hayajaja, mwili wako ulikuwaje? Ulikuwa unafanya nini?" Akafikiri, akafuta, akaandika: "Nikianza kusoma tena zile meseji za zamani, taya zinabana, najisemea 'wote wanajua'." Hiyo ni dalili anayoweza kuitambua saa nne usiku. Huzuni angeikuta kila siku na isingemwambia lolote.

Hatua ya pili alisema atasikiliza muziki. Nikamwomba aniambie upi. Akagundua kwamba nyimbo zake za usiku ndizo zinazomzamisha, akaandika badala yake kuchora na kunawa uso kwa maji baridi. Kwa kila alichoandika nilimuuliza, "Utaweza kweli kulifanya ukiwa katika hali ile? Nini kitakuzuia?" Akasema kalamu za rangi ziko sebuleni na hatatoka chumbani usiku. Tukaandika: kalamu zihamie chini ya mto.

Katika hatua ya tatu nilimweleza kwamba watu hawa hahitaji kuwaambia siri yake. Kazi yao ni kumtoa kwenye mawazo tu. Aliandika mdogo wake na binamu yake. Mdogo ni wa miaka 8, kwa hiyo tukakubaliana abaki hapo kwenye michezo, asihamishiwe hatua ya nne, maana mtoto hawezi kubeba habari hiyo. Hatua ya nne aliandika shangazi. Mama hakumwandika. Sikumlazimisha, ila nilimuuliza ni nini kingefanya iwe rahisi. "Asilie," akasema. Hatua ya tano ilikuwa fupi: namba ya kliniki, namba ya dharura, na tulizipiga palepale kuhakikisha zinapokelewa.

Hatua ya sita inafanywa na watu wazima. Kabla mama hajaingia tulipanga na binti nani aseme nini. Alitaka mimi nianze. Mama alipolia, binti akanitazama, nami nikasema, "Mama, analolihitaji kwako usiku wa leo ni moja: uzifungie dawa." Machozi yakapata kazi. Tulipitia nyumba chumba kwa chumba kwa maneno: dawa za bibi, zilizobaki za mwaka jana, za kwenye mkoba wa mama mwenyewe. Zilizokwisha muda zirudishwe duka la dawa, zinazotumika zifungiwe, ufunguo usikae nyuma ya mlango ambako kila mtu anaujua. Nikampa mama nafasi ya kupiga simu nyumbani ili shangazi aanze kabla hawajafika. Kuambiwa tu "ficha vitu vya hatari" kungepotelea njiani.

Sitaki kuupandisha mpango huu kuliko unavyostahili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba mpango wa usalama pamoja na simu za kufuatilia uliambatana na upungufu wa asilimia 45 wa vitendo vya kujiua katika miezi sita, lakini wale walikuwa watu wazima, wanajeshi wastaafu wa Marekani waliofika idara za dharura. Na mpango hautibu sonona, wala hauifuti picha iliyosambazwa. Binti alianza tiba ya mazungumzo wiki ileile, na suala la picha lilishughulikiwa na shule.

Nilimpigia siku ya pili, nikamwona siku ya saba. Alitoa simu akanionesha picha ya mpango aliyoipiga, kisha karatasi yenyewe, imechafuka pembeni. Aliitumia usiku wa Jumatano, akaishia hatua ya tatu. Kunawa uso alikuwa amekufuta: "Hakukusaidia kitu." Na chini ya jina la shangazi, kwa kalamu ya rangi nyingine, alikuwa ameongeza: mama.