Kurasa za makundi na kurasa za bidhaa: dhana potofu na ukweli kuhusu duka dogo kuonekana Google

Duka ninalolitumia hapa kama mfano linauza kanga, vitenge na vikoi jijini Dar es Salaam, na tovuti yake, ambayo ninaitunza mimi, ina bidhaa zipatazo 60. Makosa ninayoyaeleza niliyafanya au niliyakuta humo, na karibu yote yalitokana na jambo moja: hatukuwa tumetenganisha kazi ya ukurasa wa kundi, unaoonyesha bidhaa nyingi za aina moja, na kazi ya ukurasa wa bidhaa moja moja.

Dhana: Neno linalotafutwa na wengi liwekwe katika kila ukurasa

Nilipokabidhiwa tovuti hiyo, kurasa zote za kanga zilikuwa na kichwa kimoja: "Kanga nzuri bei nafuu Dar es Salaam". Nilipomuuliza mama mwenye duka sababu, alinijibu, "Mwanangu, si kila anayekuja kwangu anataka kanga?" Kwa mtu aliyezoea kuuza dukani, jibu hilo lina mantiki, kwa kuwa mteja akishaingia mlangoni kanga zote anaziona mwenyewe.

Ukweli ni kwamba anayeandika "kanga za doti" kwenye Google bado hajachagua. Anataka kuona nyingi kwa pamoja, alinganishe rangi na bei, na ukurasa unaomfaa ni ule wa kundi. Anayeandika "kanga mgeni njoo mwenyeji apone" ameshaiona kanga hiyo mahali, labda harusini, naye anataka ile ile. Huyo anafaa kupelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa bidhaa. Kurasa nyingi zikiwa na kichwa kimoja, Google inakosa alama ya kuzitofautisha, na tuliona matokeo yake: kwa neno "kanga" pekee, iliyotokea mara nyingi ilikuwa kanga moja iliyokwisha kuuzwa, huku ukurasa wa kundi wenye kanga zote ukiwa hauonekani.

Dawa yake ilikuwa kugawa upya maneno ya vichwa. Ukurasa wa kundi ulipewa kichwa "Kanga za doti: mitindo yote na bei", na kila bidhaa ikapewa kichwa chake, kama "Kanga Mgeni njoo mwenyeji apone, nyekundu, doti moja". Hapo tukagundua pengo ambalo ni la kanga hasa. Kanga ina pindo, mji na jina, na watu huiulizia kwa jina; lakini katika kurasa zetu jina lilikuwa limechapwa kwenye kitambaa ndani ya picha tu, na bidhaa yenyewe ikaandikwa "Kanga 017". Si busara kutegemea injini ya utafutaji isome maandishi yaliyo kwenye mkunjo wa nguo. Tulikaa siku mbili tukiyanakili majina yote kwa maandishi, neno kwa neno kama yalivyochapwa, kisha tukaongeza yale ambayo wateja huuliza kwa simu: rangi ya mji na ya pindo, urefu na upana kwa sentimita, kama ni pamba tupu, na kama doti imekwisha kukatwa na kupindwa au bado. Hayo ndiyo maelezo ya bidhaa. Aya iliyonakiliwa kutoka kwa muuzaji wa jumla, ambayo maduka mengine kadhaa yameinakili pia, haimpi mtu wala Google sababu ya kuchagua ukurasa wako badala ya wao.

Wapo bado wanaojaza orodha ya maneno katika alama ya `<meta name="keywords">`. Google ilitangaza wazi mwezi Septemba 2009 kwamba haiitumii alama hiyo kupanga matokeo, kwa hiyo muda huo ni afadhali uende kwenye majina ya kanga.

Dhana: Ukurasa wa kundi unahitaji insha ndefu chini yake

Ushauri huu umeenea sana, nami niliufuata kwa kuandika maneno 900 kuhusu historia ya kanga chini ya picha za bidhaa. Ukurasa wa kundi unahitaji maandishi kweli, ila kiasi cha kumwezesha mtu achague. Insha ya historia inaufanya ukurasa wa kuuzia ufanane na makala, na mtu anayetaka kununua hafiki huko chini. Niliifuta, nikaweka sentensi nne juu ya picha: zinazoeleza doti ni vipande vingapi, bei zinaanzia wapi, zipi ni kisutu, na mzigo hutumwa mikoani kwa njia gani.

Jambo lenye uzito zaidi katika ukurasa wa kundi ni viungo. Roboti ya Google hugundua bidhaa kwa kufuata viungo vya kawaida, yaani `<a href>` yenye anwani ndani yake, na haibonyezi vitufe kama mteja anavyofanya. Kundi letu la kanga lilionyesha bidhaa 12 na kitufe cha "Onyesha zaidi". Zile zilizokuwa nyuma ya kitufe hazikuwa na kiungo chochote cha kuzifikia kutoka kwenye ukurasa huo. Tuliweka kurasa zenye namba, kila moja ikiwa na anwani yake, kama `/kanga/?page=2`. Ukurasa wa 2 usitangazwe kuwa nakala ya ukurasa wa 1, kwa sababu una bidhaa tofauti, na ukiitwa nakala unaweza kuachwa pamoja na viungo vilivyomo.

Dhana: Kadiri kurasa zinavyokuwa nyingi Google, ndivyo duka linavyoonekana zaidi

Hapa ndipo duka dogo linapojizidishia kurasa bila kujua, kwa hiyo nitalieleza hili kwa hesabu. Kundi letu la vitenge lilikuwa na vichujio viwili na namna ya kupanga. Rangi zilikuwa 8, na mteja angeweza pia kutochagua rangi yoyote, jumla hali 9. Aina za kitambaa zilikuwa 3, pamoja na kutochagua zikawa 4. Namna za kupanga, kwa bei au kwa upya, zilikuwa 4. Ukizidisha 9 kwa 4 kwa 4 unapata anwani 144 za vitenge vilevile 25, vyote au baadhi yake, kwa mpangilio tofauti, na nyingine zikiwa tupu kabisa.

Wengi wakisikia hivyo huingiwa na hofu ya "adhabu ya nakala", yaani kwamba Google huiadhibu tovuti yenye kurasa zinazofanana. Adhabu hiyo haipo kwa duka ambalo nakala zake zimetokana na vichujio vyake lenyewe. Google hukusanya kurasa zinazofanana na kuchagua moja ya kuonyesha. Tatizo ni kwamba inaweza kuchagua usiyoitaka. Sisi tulikuta anwani iliyoishia na `?rangi=kijani&panga=bei` ikionyeshwa kwa watu waliotafuta vitenge vya kila rangi, nao wakifika wanakuta vitenge viwili tu vya kijani.

Kinachofanyika ni kuitaja anwani kuu katika sehemu ya `<head>` ya kila ukurasa uliochujwa au kupangwa upya:

```
<link rel="canonical" href="https://duka.example/vitenge/">
```

Alama hii, ambayo Google, Yahoo na Microsoft ziliikubali mwaka 2009, ni pendekezo na si amri. Ili kujua kama limekubaliwa, fungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana katika utafutaji, weka anwani yenye kichujio katika `URL Inspection`, kisha linganisha mstari wa `User-declared canonical` na ule wa `Google-selected canonical`. Zikitofautiana, angalia viungo vyako vya ndani. Mara nyingi utakuta menyu yenyewe inaelekeza kwenye anwani yenye kichujio. Kosa jingine ni kuweka alama hiyo na papo hapo kuzizuia anwani hizo katika `robots.txt`, faili inayoziambia roboti zisifungue kurasa zipi. Roboti iliyozuiwa kufungua ukurasa haiwezi kuisoma alama iliyo ndani yake, basi chagua njia moja.

Katika kanga kuna kichujio kimoja ambacho sikukielekeza kwenye anwani kuu, nacho ni cha kisutu. Kisutu ni kanga ya harusi, na watu huitafuta kwa jina hilo. Hao hawatafuti "kanga nyekundu". Kwa hiyo tuliipandisha kutoka kichujio ikawa kundi kamili, lenye anwani `/kanga/kisutu/`, kichwa chake na maelezo yake. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kichujio kinastahili ukurasa ikiwa watu hukitafuta kwa jina lake na ikiwa una bidhaa za kutosha kuujaza.

Dhana: Data yenye muundo, au matangazo ya kulipia, hupandisha nafasi

Data yenye muundo ni maelezo yaliyoandikwa ndani ya ukurasa kwa namna ambayo injini ya utafutaji inaweza kuyasoma. Kuandika bei kwa muundo wa Schema.org, kwa mfano `"priceCurrency": "TZS"`, kunaupa ukurasa wa bidhaa fursa ya kuonyeshwa pamoja na bei na upatikanaji wake katika matokeo. Kwenyewe hakupandishi nafasi, na fursa si ahadi. Muundo huo huwekwa kwenye ukurasa wa bidhaa moja, nayo bei iliyomo lazima ilingane na ile inayoonekana kwa mteja. Matangazo ya kulipia nayo hayaathiri matokeo yasiyolipiwa hata kidogo.

Dhana: Bidhaa ikiisha, ukurasa wake ufutwe

Dhana hii ilitugharimu kuliko zote. Msaidizi wa duka alikuwa akifuta ukurasa kila doti ya mwisho ilipouzwa, na mzigo uliporudi alifungua ukurasa mpya wenye anwani mpya. Kila mara ukurasa ulianza upya, huku viungo ambavyo wateja walikuwa wametumiana vikifikia ukurasa usiokuwepo.

Kama kanga itarudi, anwani ibaki ileile, ukurasa uandikwe wazi kuwa imekwisha, data yenye muundo ibadilishwe kuwa `https://schema.org/OutOfStock`, na chini yake viwekwe viungo vya kanga zinazokaribiana nayo. Kama haitarudi lakini kuna mrithi wa kweli, tuseme jina lilelile katika rangi mpya, anwani ya zamani ielekezwe huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Kama haina mrithi, ijibu 404 au 410, yaani kwamba ukurasa haupo. Tusichopaswa kufanya, ingawa programu nyingi za maduka hukirahisisha, ni kuzielekeza kurasa zote zilizokufa kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta kisutu hapati alichokitaka, na Google kwa kawaida huuchukulia uelekezaji huo sawa na ukurasa usiokuwepo.

Kabla ya kuuacha ukurasa ufe, mimi hufungua ripoti ya `Performance` katika Search Console, nikaangalia ukurasa huo kwa miezi 3 iliyopita. Kanga moja yenye rangi ya bizari, ambayo haichapwi tena, bado inatafutwa kwa jina lake kila wiki. Ukurasa wake tumeuacha, ukiwa na neno "Haipatikani tena" juu kabisa na kanga tatu za rangi hiyo chini yake.