Kwa nini dhahabu nyekundu hupasuka kwenye roli

Sonara mmoja wa pale Makoroboi alitujia maabara na utepe wa dhahabu mrefu kama kidole, kingo zake zimechanika kama karatasi iliyotafunwa na panya. Alikuwa ameyeyusha gramu 15 za dhahabu safi na gramu 5 za shaba nyekundu ili apate dhahabu ya karati 18, akamimina, akauacha mche upoe wenyewe juu ya tofali, kisha akaupitisha kwenye roli, mashine ya kubana metali iwe bapa. Mara ya tatu ukapasuka.

"Mwalimu, nimepigwa," akasema. "Hii dhahabu ina kitu ndani."

Tuliipima. Dhahabu yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa kwenye tofali.

Ili kulielewa, twende kwanza kwa muuza machungwa. Machungwa yaliyopangwa vizuri kuwa piramidi hukaa kila moja kwenye shimo la yaliyo chini yake, na lile la katikati hugusana na wenzake 12. Atomi za dhahabu, fedha, shaba na risasi zote hukaa hivyo hivyo. Sasa toa chungwa moja, uweke danzi la ukubwa uleule: rundo halitikisiki. Weka balungi, rundo lote linasukumwa. Weka ndimu, wenzake wanalegea kuizunguka. Metali inapoyeyuka ndani ya nyingine ikiwa bado mango, jambo ni hilohilo: atomi ngeni inachukua kiti cha mwenyeji. Swali ni mwenyeji atawavumilia wageni wangapi.

Aliyelifanyia kazi swali hili kwa kina ni William Hume-Rothery, Mwingereza aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa kijana, kisha akaishia kuwa profesa wa metali Oxford. Katika miaka ya 1920 na 1930 aliona kwamba atomi mbili zikipishana ukubwa kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, basi kuyeyushana kwao hakufiki mbali. Atomi ya dhahabu ina nusu kipenyo cha pikomita 144, na ya fedha 144 na ushei. Hizo ni chungwa na danzi, na ndiyo maana unaweza kuchanganya dhahabu na fedha kwa kipimo chochote upendacho, zisijitenge kamwe. Shaba ni 128, ndogo kwa asilimia 11, kwa hiyo bado inapita. Risasi ni 175, kubwa kwa asilimia 21.

Huyo risasi ndiye masonara wanayemchukia, na wana haki. Anapanga atomi zake kama dhahabu, lakini hana kiti cha kukalia. Dhahabu inapoganda humsukumia kwenye mipaka ya chembe zake, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda, na pale hufanya na dhahabu kiambatani kinachoyeyuka kwa joto dogo sana kuliko dhahabu yenyewe. Sehemu moja ya risasi kwa elfu inatosha kuharibu kazi. Mara nyingi huingia kwa pete kuukuu iliyowahi kuzibwa kwa lehemu ya fundi redio, ikatupwa kwenye chungu pamoja na nyingine bila kukaguliwa.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Chukua alumini: nusu kipenyo chake ni pikomita 143, karibu sawa kabisa na dhahabu, na mpangilio wake ni uleule wa machungwa. Kwa macho ya muuza machungwa, hawa ni ndugu. Yeyusha pamoja gramu 79 za dhahabu na 21 za alumini, utapata kitu cha rangi ya zambarau, kizuri ajabu, ambacho ukikigonga kwa nyundo kinavunjika kama kigae. Hiki si myeyuko tena. Ni kiambatani, AuAl2, chenye mpangilio wake mwenyewe. Sababu ni nguvu ya kuvuta elektroni. Kwenye kipimo cha Pauling dhahabu ina 2.54 na alumini 1.61. Pengo likiwa kubwa hivyo, atomi hazitaki kukaa ovyo ovyo kwenye viti, kila moja inataka jirani wa aina nyingine, na hapo fuwele mpya huzaliwa.

Msomaji mkali atasema: mbona fedha ina 1.93, pengo la zaidi ya 0.6, na bado inayeyuka kwenye dhahabu bila kikomo? Ni kweli. Kanuni hizi ni za kukuonya zaidi kuliko za kukuahidi. Mfano unaonisumbua kila nikifundisha ni fedha na shaba: mpangilio sawa, mvuto wa elektroni karibu sawa, elektroni moja moja ya valensi, yaani ya nje inayofungamana na majirani, na ukubwa unapishana kama wa dhahabu na shaba tu. Zinapita mtihani wote. Hata hivyo fedha hubeba shaba kama asilimia 9 kwa uzito, tena kwenye nyuzi 779. Ikipoa taratibu, sehemu kubwa ya shaba hiyo hutoka na kujitenga.

Kanuni mbili zilizobaki, ya mpangilio na ya valensi, nitazipitia haraka, kwa kutumia shaba na zinki, yaani shaba ya njano inayotumika kwenye mabomba na baadhi ya mapangaboi ya boti. Zinki haipangi atomi zake kama machungwa ya shaba, kwa hiyo huwezi kutoka shaba tupu hadi zinki tupu bila mpangilio kubadilika mahali fulani njiani. Shaba hupokea atomi za zinki hadi 38 hivi katika kila 100. Zinki, kwa upande wake, haifikishi atomi 3 za shaba. Metali yenye elektroni chache za valensi huwa mwenyeji mkarimu kuliko yenye nyingi. Kanuni hii ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini kwa shaba, fedha na dhahabu inafanya kazi vizuri.

Sasa turudi kwa utepe. Gramu 15 kwa 5 inasikika kama dhahabu imeizidi shaba mara tatu. Ila atomi moja ya dhahabu ina uzito wa atomi tatu za shaba, kwa hiyo ukizihesabu, ziko karibu nusu kwa nusu. Juu ya nyuzi 410 hivi zimekaa zimechanganyika, na utepe ni laini. Chini ya hapo, zikipewa muda, zinajipanga: tabaka la dhahabu, tabaka la shaba, tabaka la dhahabu. Fuwele iliyokuwa mraba pande zote inabanwa upande mmoja, metali inakuwa ngumu, na roli inamalizia. Tofali liliipa muda huo.

Tulipasha kipande chake hadi kikawa chekundu hafifu, kama nyuzi 650, tukakitumbukiza mara moja kwenye ndoo ya maji. Kikakunjika kama waya wa shaba. Hicho ndicho kipimo anachoweza kukifanya kibandani kwake: kikilainika, kosa lilikuwa ni kupooza polepole. Kikiendelea kukatika, hasa kikiwa bado cha moto, na pale kilipokatika pakang'aa chembechembe kama sukari, basi ana risasi ndani, na hakuna maji yatakayomsaidia. Kinarudi kusafishwa upya.

Alichukua utepe wake, akauliza kama angeweza kupunguza shaba aweke fedha kidogo. Anaweza. Gramu 2.5 za fedha na 2.5 za shaba zinaipa rangi ya njano, na shaba inakuwa haitoshi tena kupanga safu kirahisi. Ila mteja wake, akasema, anataka nyekundu.